Kiingilio cha Ziwa Nakuru kwa familia: hesabu ya geti kabla ya kutoka Nairobi

Wazazi wengi wa Nairobi wakipanga safari ya mbugani huanza na hoteli, wakamalizia na mafuta, halafu kiingilio wakakiweka mwishoni kama kitu kidogo cha kulipia getini. Zamani haikuwa shida kubwa. Kwa miaka mingi Mkenya mzima alilipa shilingi 860 kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na mtoto alilipa 215, kwa hiyo familia ya watu wanne ilipita na 2,150 pamoja na ada ya gari. Viwango vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) vilivyotangazwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2025 vinamweka raia wa Afrika Mashariki kwenye 1,500 kwa mtu mzima na 750 kwa mtoto.

Tazama vizuri namba hizo mbili za mwisho. Bei ya mtu mzima haijafika hata mara mbili ya ile ya zamani, lakini ya mtoto imezidi mara tatu. Mtoto aliyekuwa robo ya mtu mzima sasa ni nusu yake. Anayetumia bajeti ya jirani aliyekwenda miaka ya nyuma, akaiongezea kidogo kwa sababu maisha yamepanda, atapungukiwa, na kadiri alivyo na watoto wengi ndivyo atakavyopungukiwa zaidi. Watu wanne wale wale sasa wanahitaji 4,500 kabla gari halijahesabiwa.

Nitafuata safari moja tu, ya Nairobi hadi Ziwa Nakuru wikendi moja, kwa sababu ndiyo familia nyingi huanza nayo na ndiyo inayoonyesha vizuri namna hesabu hii inavyofanya kazi. Ni kilomita 160 hivi kwa barabara ya Limuru, Naivasha na Gilgil. Hifadhi yenyewe si kubwa, kilomita za mraba 188, na ina faru weusi na weupe, simba, chui, nyati na twiga. Ndovu hakuna, waambieni watoto mapema.

Kwanza, andika majina, usiandike idadi

Chukua karatasi na uandike kila atakayekuwa ndani ya gari kwa jina. Mbele ya jina weka mambo matatu: umri atakaokuwa nao siku ya safari, uraia, na karatasi itakayothibitisha hayo mawili. Kusema "sisi ni wanane" hakukusaidii chochote, maana geti halijui wanane. Linajua raia, mkazi na mgeni, mtu mzima na mtoto, na wale wasiolipa.

Tuchukue familia hii: baba na mama, nyanya mwenye miaka 72, watoto wao watatu wa miaka 14, 9 na 3, pamoja na binti wa shangazi mwenye miaka 16 aliyekuja likizo kutoka Marekani. Wamekodi gari na dereva, kwa hiyo jumla ni watu wanane.

Baba na mama ni rahisi, 1,500 kila mmoja kwa kitambulisho cha taifa. Wa miaka 14 na wa miaka 9 wanaingia kama watoto, 750 kila mmoja. Wa miaka mitatu haingii kwenye hesabu, kwa kuwa walio chini ya miaka mitano hawalipi. Nyanya naye halipi, Mkenya aliyefikisha miaka 70 amesamehewa, lakini ni kitambulisho chake kinachosema amefikisha, si mvi zake. Kitambulisho cha nyanya kikibaki kabatini Nyeri, mmejitafutia mabishano getini. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye ulemavu, aje na kadi yake ya usajili.

Kwa watoto pigeni picha vyeti vya kuzaliwa na mziweke kwenye simu mbili tofauti. Wa miaka tisa hakuna atakayemuuliza. Kijana wa miaka 16 au 17 aliyemzidi baba yake kwa urefu ndiye ataulizwa, na ni haki yao kuuliza. Kama kuna aliyetimiza miaka 18 mwezi uliopita, muandikeni mtu mzima hata kama bado yuko shuleni, na kiasi hicho kiingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Anayeibadilisha hesabu nzima ni yule binti wa shangazi. Akiwa na pasipoti ya Marekani peke yake anaingia kama mtoto mgeni, dola 45. Ukipiga dola moja kwa shilingi 130 unapata 5,850. Yaani huyo mmoja analipa karibu mara mbili ya baba na mama wakiwekwa pamoja. Hapa inafaa kupiga simu kwa shangazi kabla ya kulipa. Mtoto wa mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hata akiwa amezaliwa ng'ambo, na kama alishachukuliwa pasipoti ya Kenya basi aje nayo, alipe 750 kama wenzake. Lakini asije na maelezo matupu. Mhudumu wa geti hasomi ukoo, anasoma karatasi, na kama hakuna karatasi ya Kenya lipeni za mgeni bila kuvutana mbele ya watoto.

Kuna tabaka la katikati ambalo husahaulika: mgeni anayeishi na kufanya kazi Kenya kihalali. Huyu ana bei yake ya mkazi, ambayo kwa Nakuru ilitangazwa 2,025 kwa mtu mzima na 1,050 kwa mtoto, na huthibitishwa na kadi ya mgeni aliyesajiliwa. Shemeji Mmalawi mwenye kibali cha kazi yuko hapa. Shemeji Mtanzania au Mganda yuko pamoja na Wakenya, kwa 1,500.

Pili, hesabu viti vya gari, si watu waliokalia

Gari hulipiwa peke yake, na kinachotazamwa ni idadi ya viti vyake. Chini ya viti sita ni kundi moja, viti sita hadi 12 ni kundi la pili, kisha 13 hadi 24, na kuendelea hadi mabasi. Kwa tarifa iliyotangulia, gari la kundi la kwanza lililipa 300 na la kundi la pili 1,030, na van ya viti vinane iliyobeba watu watatu ililipa sawa na iliyojaa. Noah yenye viti saba si gari dogo kwa macho ya geti hata ukikunja vile vya nyuma na kuvijaza mizigo.

Ukizitazama namba hizo utagundua jambo ambalo wengi hawalifikirii: magari mawili ya viti vitano yalilipa 600 jumla, van moja ikalipa 1,030. Kwenye mstari huu peke yake, kwenda na magari mawili ya nyumbani ni nafuu. Ila mstari huu ndio mdogo kuliko yote. Mafuta yatakuwa mara mbili, na gari la chini halioni juu ya nyasi. Watoto watakaa wakitazama vichaka huku wenzao kwenye van yenye paa la kufunguka wakimtazama faru. Dereva wa gari lako mwenyewe naye hatazami wanyama, anatazama mashimo. Mimi ningeyapeleka magari mawili wakati wa kiangazi tu na kama yapo tayari nyumbani. Kati ya Machi na Mei, udongo wa pembezoni mwa ziwa ukishalowa, ningekodi gari refu bila kupiga hesabu mara ya pili.

Kwenye bajeti ya familia yetu nimetenga 1,500 kwa gari kwa kila tiketi, fungu lenye nafasi ya kutosha ili ada ikipanda kidogo isitikise kitu.

Dereva aliyekodiwa ni mtu mzima raia, na ni mtu wa nane kwenye karatasi. Ulizeni mapema tiketi yake inalipwa na nani. Msipouliza, jibu mtalipata getini, na mara nyingi ni ninyi. Nimemweka kwa 1,500.

Sasa jumlisha. Baba na mama 3,000. Watoto wawili 1,500. Nyanya na kitinda mimba, sufuri. Mgeni 5,850. Dereva 1,500. Gari 1,500. Jumla ni shilingi 13,350.

Hiyo si bei ya safari. Ni bei ya tiketi moja ya saa 24, na swali linalofuata ni mtahitaji tiketi ngapi za namna hiyo.

Tatu, panga saa ya kuingia kabla ya kupanga hoteli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo hupatikana. Kiingilio cha hifadhi kama Nakuru hudumu saa 24 tangu mlipoingia, na ni cha kuingia mara moja. Saa hazifuati kalenda. Mkiingia Jumamosi saa nne asubuhi, tiketi yenu inakwisha Jumapili saa nne asubuhi. Mkitoka saa tano, mmeshaingia kwenye siku ya pili, na ya pili hailipwi kwa saa bali kwa ukamilifu wake: kila mtu na gari lake. Kwa familia yetu, chai ya asubuhi iliyonywewa polepole ingegharimu 13,350.

Na "mara moja" maana yake ni kwamba mkitoka kwenda kulala mjini Nakuru, kesho yake mnalipa upya hata kama zile saa 24 hazijaisha.

Ukiyajua haya mawili, ratiba inajipanga yenyewe. Wanyama huonekana vizuri jioni jua likishapungua, na alfajiri kabla halijawa kali. Katikati ya mchana simba amelala na watoto wananuna. Kwa hiyo kinachofaa kununuliwa kwa tiketi moja ni jioni moja na alfajiri moja, pamoja na usiku ulio katikati yake. Mkiingia Jumamosi saa nane mchana, mna saa nne za kuzunguka kabla ya giza. Mnalala ndani ya hifadhi. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mko barabarani tena, saa nne mnarudi kula na kufungasha, na kufikia saa saba mko njiani kuelekea geti. Tiketi ni moja, na saa zote mbili nzuri mmezipata.

Ratiba ya saa nane inakubaliana pia na hoteli, kwa sababu nyingi hutoa vyumba kuanzia mchana, na inakubaliana na barabara. Mkiondoka Nairobi saa tatu asubuhi mnafika Nakuru na nafasi ya kula chakula cha mchana nje ya geti, ambako sahani ya pilau ina bei ya kawaida. Msiingie saa tano kwa sababu tu mmefika saa tano. Najua inauma kukaa mjini wakati geti liko pale, lakini zile saa tatu za jua kali mtazilipia kesho yake.

Sasa linganisha namna tatu za kulala, ukitumia namba za familia hii.

Namna ya kwanza ni hiyo: kulala ndani, tiketi moja, 13,350. Ndani kuna hoteli kama Sarova Lion Hill na Lake Nakuru Lodge, kuna nyumba ya Naishi ya KWS ambako mnajipikia, na kuna kambi za mahema kama Makalia. Kambi ina ada yake ya kila mtu kwa usiku, na humo pia mtoto na mtu mzima, raia na mgeni, hutofautishwa. Orodha yenu ya majina inatumika mara ya pili.

Namna ya pili ni kulala mjini na kuingia siku zote mbili. Chumba ni rahisi, lakini tiketi ni mbili, 26,700. Kwa maneno mengine, hoteli ya mjini lazima iwe nafuu kwa zaidi ya 13,350 kwa usiku, kwa familia nzima, ndipo iwe imewapunguzia gharama. Mara nyingine inakuwa hivyo, hasa hoteli ya ndani ikiwa ya kifahari. Lakini piga hesabu, usikisie.

Namna ya tatu haizungumzwi sana na ndiyo ya bei ya chini kabisa: ondokeni Nairobi Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mlale mjini, muingie Jumapili geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mtoke siku hiyo hiyo. Tiketi ni moja na chumba ni cha mjini. Alfajiri mnaipata yote, na wenye nguvu wanaweza kukaa hadi jioni, wakala mkate na mayai pale juu kwenye genge la Baboon Cliff huku wakichunga vyakula vyao dhidi ya nyani. Shida ni mtoto wa miaka mitatu na nyanya wa miaka 72. Saa 12 ndani ya gari ni nyingi kwao, na mtajikuta mmetoka saa sita mchana, kisha kuna barabara ya kurudi Nairobi Jumapili jioni, ambayo pale Naivasha na kupanda kuelekea Limuru haina huruma.

Kwa familia hii ningechagua namna ya kwanza ikiwa kulala ndani hakuzidi kulala mjini kwa zaidi ya elfu kumi hivi. Kikizidi hapo, ya tatu. Ya pili sioni nani inamfaa, isipokuwa mpiga picha.

Nne, hoteli nayo ina watoto wake

Mkishazoea kwamba mtoto ni wa chini ya miaka 18, mtapiga simu hotelini mkaambiwa vingine. Kwa hoteli nyingi utoto huishia miaka 11 au 12, na bei ya mtoto ni ya yule anayelala chumba kimoja na wazazi. Kijana wa miaka 14, aliye mtoto getini, hotelini ni mtu mzima na kitanda chake. Binti wa miaka 16 pia. Kwa hiyo mnayo orodha moja ya watu lakini safu mbili za bei, na msinakili safu ya geti mkaiweka kwenye hoteli.

Ulizeni hivi, kwa maneno haya haya: "Tuna watoto wa miaka 3, 9, 14 na 16. Nani analipa nusu, nani analipa kamili, na vyumba ni vingapi?" Kisha ongezeni: "Dereva analala wapi, na kwa bei gani?" Hoteli za mbugani huwa na vyumba vya madereva. Bei ya raia na wakazi hotelini nayo hudai vitambulisho, na yule mgeni mmoja anaweza kuhesabiwa kwa bei ya kimataifa hata akilala kitanda kimoja na binamu yake.

Mafuta ni mstari mfupi. Kwenda na kurudi ni kilomita 320. Ndani ya hifadhi mtazunguka labda 120 kwa siku hizo mbili, kwa gia ndogo, ambako van hunywa zaidi. Ukichukua kilomita kumi kwa lita barabarani na sita mbugani unapata lita 52, na kwa 190 kwa lita inakuja chini kidogo ya elfu kumi. Jazeni Nakuru mjini kabla ya kuingia.

Tano, lipa kabla, na soma skrini kabla ya kubonyeza

Pesa taslimu hazipokelewi getini. Malipo hupitia eCitizen, kwenye ukurasa wa `kwspay.ecitizen.go.ke`, kwa M-Pesa au kadi. Hapo mnachagua hifadhi, tarehe, makundi ya watu kwa idadi zao, na kundi la gari. Jumla inayotokea kwenye skrini ndiyo bei. Ikitofautiana na karatasi yenu, iaminini skrini kuhusu kiwango, lakini msiiamini kuhusu makundi, kwa sababu hayo mmeyajaza ninyi wenyewe.

Mambo ya kukagua ni machache. Je, ni Lake Nakuru kweli, si hifadhi nyingine iliyo jirani nayo kwenye orodha? Tiketi ya hifadhi moja haifungui geti la nyingine. Je, watoto wawili wa raia na mtoto mmoja wa mgeni wamekaa kwenye mistari tofauti? Kosa la kawaida ni kuwaweka watoto wote watatu kwa raia, ukaonekana umeokoa zaidi ya elfu tano, halafu geti likaomba tofauti yake huku mtandao ukisuasua na foleni nyuma inapiga honi. Je, gari limo? Wengi hulipia watu wakasahau gari. Na je, dereva amehesabiwa?

Lipeni siku moja au mbili kabla, si mwezi mmoja kabla, kwa kuwa homa ya mtoto haitabiriki na msitegemee kurudishiwa pesa. Baada ya kulipa, hifadhini risiti kama picha kwenye simu. Msingoje kuifungua mtandaoni mbele ya geti.

Mkiwa mmepewa bei ya jumla na kampuni ya utalii, karatasi yenu bado ina kazi. Tangazo likisema kiingilio kimo ndani ya bei, mwulizeni wakala: "Mmehesabu tiketi ngapi za saa 24? Watoto mmewaweka kwa bei gani, ya raia au ya mgeni? Kiingilio cha gari na cha dereva kimo?" Anayejua kazi yake atajibu papo hapo. Anayesema "kila kitu kimo, usijali" aombwe aandike. Pia angalieni kama bei ya familia ya Wakenya imeandikwa kwa dola; mara nyingine ni tarifa ya wageni iliyonakiliwa bila mtu kujisumbua kuibadilisha.

Msiihamishe hesabu hii bila kuigeuza

Mkipanga Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyo hapo Lang'ata, viwango vilivyotangazwa ni 1,000 kwa raia mzima na 500 kwa mtoto, na mgeni ni dola 80 na 40. Watu huenda asubuhi wakarudi jioni, kwa hiyo tiketi ni moja tu. Ila jihadharini na kituo cha wanyama yatima na ile njia ya kutembea kwa miguu pale pale kwenye geti kuu. Vinalipiwa kando, na mtoto akishakiona kibao, maelezo ya bajeti hayamwingii.

Maasai Mara ni jambo jingine kabisa. Hifadhi hiyo iko chini ya Kaunti ya Narok, si KWS, na tarifa yake ina misimu: mgeni mzima hulipa dola 100 kuanzia Januari hadi Juni na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Mtoto wa kulipa huanzia miaka tisa, kwa hiyo wa miaka sita ambaye Nakuru mngemlipia, Mara hupita bure. Na tiketi ni ya saa 12, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ule ujanja wa kuingia saa nane mchana na kutoka kesho yake kabla ya saa nane hauna kazi huko. Ukiingia mchana umenunua saa nne kwa bei ya siku nzima. Mara ingieni asubuhi na mapema.

Siku yenyewe

Mkipita geti la Nakuru, soma saa iliyoandikwa kwenye tiketi na uiweke kengele kwenye simu ya mama, si ya dereva. Iweke ilie saa moja na nusu kabla ya muda kuisha. Mwendo ndani ni kilomita 40 kwa saa kwa sheria, na kwa hali halisi ni nusu ya huo, kwa sababu nyati hujisimamia barabarani apendavyo. Mkiwa upande wa kusini, kwenye maporomoko ya Makalia, msifikirie mtavuka hifadhi yote hadi geti kuu kwa dakika 20. Geti la Nderit liko karibu zaidi na upande huo, na la Lanet liko upande wa barabara ya Nairobi. Muulizeni askari mnapoingia lipi liko wazi kwa kutokea siku hiyo na njia gani imefunikwa na maji, maana ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza barabara za zamani ambazo ramani nyingine bado zinazionyesha.

Kengele ikilia na simba ndiyo kwanza wanaamka, mna uamuzi wa kufanya, na sasa mnajua bei yake kamili. Kwa familia hii ni 13,350, au 8,250 ikiwa binti wa shangazi alikuja na pasipoti ya Kenya.